Namba Kubwa Haiongezi Upana: Kiatu cha Kazini kwa Wayo Mpana Wenye Kinundu

*Shikamoo Mshauri. Mimi ni mama wa miaka 43, ninafanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja Posta, na asubuhi na jioni ninasimama ndani ya mwendokasi kati ya Kimara na mjini. Kazini tunatakiwa kuvaa viatu vyeusi vilivyofunikwa mbele. Nyayo zangu ni pana na bapa tangu utotoni, na kwa miaka sita sasa nina kinundu pembeni mwa kidole gumba cha mguu wa kulia. Marehemu mama alikuwa nacho miguu yote miwili. Nilikuwa ninavaa namba 39, nikahamia 40, sasa ninavaa 41 za kuchomeka, na bado kinundu kinasuguliwa mpaka kinakuwa chekundu, huku kisigino kikichomoka kila ninapopanda ngazi. Duka moja la Kariakoo liliniuzia soli za kuweka ndani zenye kiinuo kigumu, nami nikizivaa ninahisi kama nimekanyaga jiwe. Nimechora miguu yangu jioni nikiwa nimesimama: wa kulia una urefu wa sentimita 24.6 na upana wa 10.3, wa kushoto 24.3 kwa 9.9. Soli ya ndani ya kiatu changu cha 41 nimeichomoa, upana wake ni sentimita 8.7. Nikikaa, uvungu wa wayo unaonekana kidogo; nikisimama unapotea. Je, nihamie 42? Na hizo soli nivumilie mpaka nizizoee?*
*Mama wa Kimara*

Marahaba, mdogo wangu. Namba 42 usiinunue, na soli hizo zitoe leo hii. Umenirahisishia kazi kwa kuchora na kupima, kwa sababu vipimo ulivyonipa vinaonyesha wazi kwamba tatizo lako halijawahi kuwa namba.

Tuanze na hesabu. Namba za viatu za Ulaya, ambazo ndizo nyingi madukani kwetu, hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita 7 za urefu kwa kila namba. Mguu hauhitaji kiatu chenye urefu sawasawa na wake. Unahitaji nafasi ya ziada mbele, kwa sababu unapokanyaga wayo hurefuka kidogo na unapotembea husogea. Mimi huongeza sentimita moja na nusu juu ya urefu wa mguu mrefu zaidi. Mguu wako wa kulia, pamoja na nyongeza hiyo, unafika sentimita 26.1, na urefu huo ukiugawa kwa theluthi mbili unapata 39. Namba yako ya kweli, basi, ni ile ile uliyoikimbia, au 40 kwa mtengenezaji anayepima kwa ubahili. Kiatu cha 41 ni cha sentimita 27 na zaidi, kwa hiyo mbele ya vidole vyako kuna nafasi tupu inayokaribia sentimita mbili na milimita saba. Hiyo ni nafasi ambayo umeilipia na ambayo haikusaidii kitu.

Upana nao, ambao ndio uliokuwa unautafuta, umeongezeka kiasi gani? Watengenezaji wengi wanapopanda namba moja huongeza mzunguko wa kiatu kwa milimita 5 hivi, na kwa kuwa mzunguko unapita juu, chini na pembeni, upana wa soli yenyewe hauongezeki hata milimita mbili. Kutoka 39 hadi 41 umepata kama milimita tatu. Wayo wako una upana wa sentimita 10.3 na soli ya ndani ni 8.7, kwa hiyo bado unapungukiwa na sentimita moja na milimita sita. Si lazima pengo hilo lizibwe lote, kwa maana pembe za wayo ni za mviringo na nyama yake hukaa juu kidogo ya ukingo wa soli, na ngozi laini ikipanda wima huipokea bila ugomvi. Katika kazi yangu ya kupima nyayo na kurekebisha viatu nimekuwa nikikubali tofauti ya milimita 6 kwa jumla, kama ngozi ya juu ni laini. Kwako ina maana ya kutafuta soli ya ndani yenye upana wa sentimita 9.7 hivi. Ukitaka kuufikia upana huo kwa kupanda namba tu, ungefika 47, na ungeingia nacho kazini kama mtu aliyeazima viatu vya mlinda mlango.

Lakini kuna hasara nyingine ambayo watu hawaioni, nayo ndiyo inayokuchosha zaidi kuliko ule ubana wenyewe. Kila kiatu kina mahali pake papana kuliko pengine pote, na mahali hapo huwekwa palingane na fundo la kidole gumba, kwenye ule mstari ambao mguu hukunjika unapoinua kisigino. Unapochukua kiatu kirefu kupita mguu wako, mstari huo wa kiatu husogea mbele kwa karibu sentimita moja huku fundo lako likibaki palepale. Matokeo yake ni kwamba kinundu chako kinakaa nyuma ya sehemu pana, pale kiatu kinapoanza kujibana kuelekea kiunoni mwake. Umepanda namba mbili ukitafuta nafasi, na kinundu kimeishia penye nafasi ndogo. Kiatu nacho kinakunjika mahali ambapo mguu haukunjiki, kwa hiyo kisigino kinachomoka. Na kwa kuwa kiatu cha kuchomeka hakina kamba wala mkanda wa kuurudisha mguu nyuma, wayo unateleza mbele mpaka ukwame kwenye wembamba wa ncha. Tazama kiatu chako cha kulia kwa juu: mkunjo wa ngozi uko mbele au nyuma ya mahali kinundu kilipoisukuma? Naamini utakuta uko mbele.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa ulione kwa macho yako. Chukua ule mchoro wa mguu wa kulia, uukate kwa mkasi kufuata mstari, kisha uuweke juu ya soli ya ndani ya kiatu cha 41, kisigino kwa kisigino. Karatasi itazidi kwenye kinundu, na hilo umeshalijua. Sasa angalia upande wa ndani, kuanzia kwenye fundo hadi kwenye ukucha wa kidole gumba. Kwenye mguu wa mtoto mdogo ambaye hajavaa viatu, mstari huo umenyooka karibu kama rula, na ncha ya mguu iko kwenye kidole gumba. Kwenye viatu vingi vya kike vya kazini, mstari huo unapinda kuelekea katikati, na ncha ya kiatu iko kwenye kidole cha pili au cha tatu. Kidole gumba kikiingia humo hakina pa kwenda isipokuwa kuwaegemea wenzake, na kikiwaegemea, fundo lake hutokeza nje upande wa pili. Kinundu si mfupa uliomea upya, kama wengi wanavyodhani. Kwa sehemu kubwa ni mfupa ule ule wa zamani uliohama njia, ukavimbishwa na msuguano. Wewe umerithi umbo la mguu linaloelekea huko, ndiyo maana nawe umefuata nyayo za mama, ila viatu ndivyo vinavyokisukuma kidole kila siku.

Kwa hiyo unapochagua kiatu, usidanganywe na ncha ya nje. Kuna viatu vyenye ncha iliyochongoka ambayo imeongezwa mbele ya vidole kwa urembo tu, na kujibana kwake kunaanza baada ya vidole kuisha. Hivyo vinaweza kuvaliwa. Vipo pia vyenye ncha ya mraba inayoonekana pana kama uso wa bakuli, lakini pembeni vimechongwa vyembamba kuanzia kwenye fundo, na hivyo vitakuumiza kama vilivyochongoka. Unachotafuta ni mahali kujibana kunapoanzia, na upande gani. Kwako kunapaswa kuanza mbele ya ncha ya kidole gumba, na upande wa ndani ubaki umenyooka kwa kadiri inavyowezekana. Upande wa kidole kidogo unaweza kupinda polepole bila madhara, kwa kuwa hata mguu wenyewe umepinda huko.

Kimo nacho kinahesabika. Kidole gumba kikilala kwa wenzake, mara nyingi cha pili huinuka na kuanza kugusa paa la kiatu, na baadaye huota sugu juu. Ingiza mkono ndani ya kiatu kabla hujakivaa, upapase paa mpaka mwisho. Likishuka ghafla kama paa la kibanda cha mgongo mmoja, kiache hata kama upana wake umekuridhisha.

Mdomo wa kiatu, yaani ule ukingo unaopita juu ya wayo, ni jambo ambalo kinamama wengi wanaovaa flati wanalipuuza. Flati nyingi zimekatwa chini mno mbele, ili vidole vikaribie kuonekana, na ukingo wake unapita juu ya kinundu chenyewe. Ukingo huo umekunjwa na kushonwa mara mbili, kwa hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote za ngozi ya juu. Wayo ukivimba alasiri, unakuwa kama uzi uliofungwa kwenye kidole. Chagua kiatu ambacho mdomo wake umepanda angalau vidole viwili nyuma ya kinundu, na pale penye kinundu pawe na ngozi tupu, pasiwe na mshono, ua la urembo, kifungo wala kiraka. Ngozi inayong'aa kama kioo ni nzuri kwa macho tu. Ile rangi ya juu hailegei, na ikilazimishwa hupasuka.

Sasa tuje kwenye uvungu wa wayo. Kwamba uvungu unaonekana ukikaa na kupotea ukisimama ni habari njema, maana yake wayo wako ni bapa unaonyumbulika. Hakikisha kwa njia hii: simama bila viatu ukishika ukuta, uinuke kwa vidole, na mtoto wako akutazame kwa nyuma. Uvungu ukijitokeza na visigino vikageukia ndani kidogo, mifupa na misuli inafanya kazi yake. Wayo wa namna hiyo, kama hauumi, hauhitaji egemeo lolote la uvungu ndani ya kiatu, na watu wengi wanaishi nao hadi uzeeni bila shida. Kwako linahitajika kwa sababu moja tu, nayo inahusu kinundu: wayo unapolala upande wa ndani, mwishoni mwa kila hatua uzito hupita kwenye ukingo wa ndani wa kidole gumba badala ya kupita chini yake, na kila hatua inakuwa msukumo mdogo unaokipeleka kidole kwa wenzake. Kwa mtu anayesimama mapokezini kwa muda wa saa nane, na njiani kwenda na kurudi akasimama tena huku basi likimyumbisha, misukumo hiyo si michache.

Ila egemeo hufanya kazi likiwa mahali pake, tena likiwa na kimo kinachokufaa. Lile jiwe ulilokuwa unalihisi lina sababu mbili. Ya kwanza, nina hakika karibu kabisa, ni kwamba soli ulizouziwa zilichaguliwa kwa namba ya kiatu chako na si kwa mguu wako. Soli ya 41 ina kiinuo kilichosogea mbele, na wewe mwenye mguu wa 39 kinakuchoma karibu na sehemu pana ya wayo badala ya kukaa mbele ya kisigino. Ya pili ni ugumu na urefu wa kiinuo chenyewe. Wayo bapa hauinuliwi kwa nguvu ukafanana na wa mtu mwenye uvungu mrefu. Unazuiwa tu usizame mpaka mwisho. Egemeo zuri ukisimama juu yake kwa dakika kumi unalihisi kama kiganja cha mtu kimekugusa kwa upole, kimeenea kuanzia mbele ya kisigino hadi katikati ya wayo. Ukilihisi kama fundo mahali pamoja, halikufai, na hakuna siku utakayolizoea. Kuzoea kupo, lakini ni kwa uchovu wa misuli wa siku chache za mwanzo, unaopungua kila siku, tena uanze kwa saa moja au mbili kwa siku. Maumivu ya kuchomwa ni kitu tofauti.

Kisha kuna ugomvi kati ya egemeo na kinundu ambao muuzaji hawezi kukueleza. Soli ya kuongeza yenye urefu wa kiatu kizima huuinua mguu wote, pamoja na vidole, kwa milimita 3 au 4, na kila milimita inayoongezwa chini inapunguzwa kwenye paa. Umetibu uvungu, umebana vidole. Ndiyo maana ninakushauri utafute kiatu ambacho soli yake ya ndani inachomoka, ili ya kwako iingie badala yake na si juu yake. Au uchukue soli fupi inayoishia nyuma ya fundo la kidole gumba, ambayo inashika kisigino na uvungu na kuwaachia vidole nafasi yao. Kwako wewe mwenye kinundu, fupi ndiyo ninayoipendelea. Vile vipande vya mpira vya kutenganisha vidole navyo, ukiona vinauzwa, kumbuka kwamba vinahitaji nafasi ndani ya kiatu. Vikiingia kwenye kiatu kinachobana, vinakisukuma kinundu dhidi ya ukuta.

Tena egemeo hata lingekuwa zuri namna gani haliwezi kusimama juu ya kiatu laini kama ndala. Kiatu kishike mkononi. Bonyeza ukuta wa nyuma unaozunguka kisigino kwa kidole gumba na cha shahada. Ukilala kama karatasi, kisigino chako nacho kitalala. Halafu kishike mbele na nyuma ukikunje. Kinapaswa kukunjika pale sehemu pana ilipo, na kama kinakunjika katikati kama daftari, hakina mfupa ndani. Mwisho kikamue kama unavyokamua nguo, kigome, kisijisokote. Flati nyingi za bei ya chini hushindwa majaribio yote matatu, na ndiyo maana kushuka kutoka kwenye mchuchumio kwenda kwenye flati nyembamba hakuwasaidii wengi kama walivyotarajia. Kwako kisigino cha sentimita mbili hadi tatu, kipana, ni bora kuliko vyote viwili.

Ukienda kununua, nenda jioni baada ya kazi, kwa sababu kwa joto letu mguu wa saa kumi na mbili jioni si ule wa saa mbili asubuhi. Weka karatasi uliyokata kwenye mkoba pamoja na rula ndogo. Dukani Kariakoo omba soli ya ndani ichomolewe. Ikiwa imegundishwa, pima kwa kuiingiza karatasi ndani, kisha papasa kwa mkono: ikijikunja zaidi ya milimita chache ukingoni penye kinundu, umepata jibu bila kuvua kiatu. Muuzaji atakuambia kitatanuka. Kinachotanuka ni ngozi ya juu, si soli, na ya plastiki haitanuki hata kidogo bali hurudi ilipotoka. Ukitaka kujua ni ngozi au siyo, tazama ukingo uliokatwa au upande wa ndani wa ulimi wa kiatu: ngozi ina nyuzinyuzi kama kitambaa kilichochakaa, plastiki ina tabaka jembamba lililobandikwa juu ya kitambaa chenye nyuzi zilizofumwa kwa mistari iliyonyooka.

Wewe ningekupeleka pia kwenye mitumba ya Karume, si kwa sababu ya bei, bali kwa sababu viatu vilivyotoka Marekani huwa vimeandikwa upana kwenye lebo ya ndani, jambo ambalo viatu vingi vipya vya hapa havina. Kwa viatu vya kike, B ndiyo upana wa kawaida, D ni mpana, na 2E ni mpana zaidi. Kwa vya kiume, D ndiyo kawaida, 2E mpana na 4E mpana zaidi. Ona basi kwamba kiatu cha kiume cha upana wa kawaida ni mpana kwa mwanamke. Kiatu cheusi cha kiume cha kamba, namba 39 au 40, chenye soli isiyokuwa nene, kinavaliwa na suruali au sketi ndefu ya kazini bila mtu kukugundua, na kama kisigino chake kimekuzidi kidogo, kamba zitaurudisha mguu nyuma. Tahadhari ya mtumba ni kwamba mwenyewe wa kwanza ameacha umbo la mguu wake humo. Kiweke juu ya meza bapa ukitazame kwa nyuma: kikiegemea upande wa ndani, kitauangusha wayo wako huko huko unakotaka kuuzuia. Kiache.

Kiatu kikikaribia lakini kikabana milimita chache pale penye kinundu tu, fundi anaweza kukisaidia, mradi ni cha ngozi. Paka chaki kidogo kwenye soksi juu ya kinundu, vaa kiatu, tembea hatua chache, uvue. Alama itabaki ndani. Mwonyeshe fundi alama hiyo, umwambie apandishe kiatu kwenye kalibu iliyobandikwa kipande cha ngozi ngumu mahali hapo, akiache usiku mzima. Utapata milimita tatu, labda nne. Usikubali akitanue kote, kwa sababu hapo kisigino kitalegea tena, wala usimwage maji ya moto ndani kama wengine wanavyofundishana. Gundi ya soli ndiyo itakayolegea kwanza.

Hivi ndivyo kiatu kinavyoweza na kisivyoweza. Kidole kilichohama hakitarudi kwa kiatu, hata kiwe kipana kama mtumbwi. Kinachopungua ni msuguano, wekundu na maumivu, na msukumo wa kila siku unakuwa mdogo. Kama baada ya miezi miwili au mitatu ya kiatu kinachokutosha bado kinakuuma hata ukiwa pekupeku, omba rufaa uonwe na daktari wa mifupa. Kwa Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili inashughulikia mambo hayo. Usisubiri hata kidogo kama fundo limevimba ghafla usiku, limekuwa jekundu la moto na hata shuka likiligusa unapiga kelele, kwa sababu jongo hupenda kushika fundo hilo hilo na dawa yake si kiatu. Vivyo hivyo uvungu wa mguu mmoja ukianguka ghafla kuliko mwenzake, ukaumwa ndani ya kifundo cha mguu na ukashindwa kuinuka kwa vidole vya mguu huo pekee, ni kano inayoushikilia uvungu, nayo inahitaji kutazamwa mapema. Na ikiwa una kisukari au ganzi ya miguu, vipimo vya dukani havitoshi, kwa kuwa mguu wako hautakuambia kinapobana.

Kwa sasa anza na hiki. Tafuta kiatu cheusi cha 39 au 40, cha kamba au cha mkanda unaopita juu ya wayo, ambacho karatasi yako inalala ndani yake bila kujikunja zaidi ya milimita chache. Pima mguu wa kulia kwanza, kwa kuwa ndio mkubwa, na simama. Usikadirie ukiwa umekaa kwenye kigoda cha duka. Kati ya kidole kirefu na ncha pawe na upana wa kidole gumba cha mkono. Kisha panda ngazi za hapo dukani, au ukingo wa barabara kama hakuna ngazi. Kisigino kikitulia kulia lakini kikacheza kidogo kushoto, usirudi kwenye namba. Mguu wako wa kushoto ni mfupi kwa milimita 3 na mwembamba kwa milimita 4, na dawa yake ni kumwomba fundi atoboe tundu moja zaidi kwenye mkanda wa kushoto.